Sura ya Sita: Barua ya Kurejea Kazini

Katika karatasi zote ambazo mtumishi wa ofisi huziandika kwa mkono wake au kwa mashine, sijui kama iko inayodharauliwa zaidi kuliko ile anayompelekea mkuu wake asubuhi ya kwanza baada ya likizo. Aghalabu huwa na maneno matatu tu: nimerejea, nashukuru, nitafanya kazi kwa bidii, meneja huipitishia jicho, karani wa masjala huitia failini, na habari yake huishia hapo. Sikatai kuwa ziko kazi ambazo barua ya namna hiyo yazitosha, kwa kuwa mwenye nazo alipoondoka hapakuwa na mtu aliyetia sahihi mahali pake wala aliyeshika ufunguo wake. Lakini mtu ambaye siku zote za likizo yake dhamana yake ilikuwa mikononi mwa kaimu, na hasa dhamana yenye fedha, stakabadhi na tarehe za serikali zisizongoja mtu, huyo barua yake ya kurejea ndiyo inayotenga matendo ya kaimu na matendo yake mwenyewe. Na mkaguzi wa hesabu atakapokuja baada ya miezi minane kuuliza ni nani aliyetoa fedha fulani siku fulani, jawabu litatafutwa katika barua hiyo, likikosekana humo litatafutwa katika kumbukumbu za watu, ambazo kwa jambo kama hilo ni shahidi dhaifu.

Kwa hiyo sura hii yote nitaitumia kwa barua moja tu, ya mtunza masurufu wa ofisi ya kampuni ya wastani mjini Tanga. Bibi huyu nimembuni mimi, na tarakimu zake nimezitunga ili zikubaliane; lakini kazi yake ni ile ile ifanywayo kila siku katika ofisi za mji ule na za miji mingine. Masurufu, kwa asiyeyajua, ni fungu la fedha taslimu lenye kiasi kisichobadilika ambalo ofisi huliweka katika kasha kwa matumizi madogo ya kila siku, nauli, chai ya wageni, fundi wa bomba, stempu. Na kila itokayo shilingi, mahali pake huingia hati ya malipo iliyotiwa sahihi, hata ikawa saa yoyote utakapolifungua kasha, fedha iliyomo pamoja na hati zilizomo lazima zitimize kiasi kile kile cha asili. Fungu la bibi wetu ni shilingi 600,000. Zaidi ya hayo amepewa kazi ya kuwasilisha kila mwezi kodi inayokatwa katika mishahara, na kupokea ankara za wauzaji wa vifaa vya ofisi.

Jambo la kwanza ambalo barua yake itapaswa kulisema sawasawa ni tarehe, nalo si dogo kama lionekanavyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, humpa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na sikukuu za taifa zikiangukia ndani ya siku hizo huhesabiwa humo humo, hazirudishwi nje. Neno mfululizo lina uzito wake: Jumamosi na Jumapili nazo zimo. Bibi wetu alianza likizo yake Jumatatu tarehe 2 Juni 2025. Siku ya ishirini na nane ikawa Jumapili tarehe 29. Siku ya kuripoti ikawa Jumatatu tarehe 30 Juni. Idi ya Kuchinja iliyokuja katika wiki ya kwanza haikumwongezea siku hata moja, na mtumishi aliyedhani kwamba imemwongezea angalifika Jumanne akakuta amehesabiwa kuwa mtoro wa siku moja. Kwa jirani zetu wa Kenya hesabu ni nyingine, maana sheria yao ya ajira ya mwaka 2007 huweka siku 21 za kazi, na hapo siku zisizo za kazi hazihesabiwi. Kwa hiyo mtu aliyehama baina ya nchi hizi mbili asichukue hesabu ya huku akaipeleka kule. Barua na iseme bayana: likizo ilianza lini, ikaisha lini, nami nimeripoti lini na saa ngapi. Saa nayo ina maana, kama tutakavyoona punde.

Kabla ya bibi huyu kuondoka, Ijumaa tarehe 30 Mei, yeye na kijana aliyeteuliwa kumkaimu waliandikiana hati ya makabidhiano. Hati ile ilisema kwamba ndani ya kasha mna fedha taslimu shilingi 488,000 na hati za malipo ambazo hazijarudishiwa fedha za shilingi 112,000, jumla 600,000. Na kwamba hati ya mwisho iliyoandikwa na bibi mwenyewe ni Na. 148. Msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa barua ya kurejea haisimami peke yake. Ni nusu ya pili ya maneno ambayo nusu yake ya kwanza ni makabidhiano. Aliyeondoka bila hati ya makabidhiano hana pa kuanzia anaporudi, na barua yake, hata ikiandikwa kwa ufasaha wa namna gani, itakuwa inadai kurudishiwa amana ambayo haikupata kutajwa kiasi chake.

Sasa ni asubuhi ya Jumatatu. Bibi amefika saa moja na nusu, wenziwe wamempokea kwa salamu na maswali ya nyumbani, na saa mbili na robo dereva mmoja amekwisha kusimama dirishani akitaka fedha ya kuziba pancha. Hapa ndipo wengi hupotea. Kwa haya, au kwa hamu ya kuonekana kuwa wamerejea kwa nguvu, huchukua ufunguo kwa kaimu, hufungua kasha, hutoa fedha, na tokea dakika hiyo fedha ya kaimu na fedha ya mwenyewe zimechanganyika, wala hapana tena awezaye kuzitenga. Desturi iliyo sahihi ni kwamba kasha halitoi hata senti mpaka lihesabiwe na watu wawili, kaimu akiwapo, na karatasi ya hesabu itiwe sahihi zao wote wawili pamoja na saa. Dereva angoje. Ikiwa kaimu hayupo siku hiyo, ameugua au ametumwa safari, basi meneja mwenyewe au mtu aliyemteua asimame mahali pake. Na mtu asikubali kuhesabu peke yake kisha kutangaza alichokiona, maana ushahidi wa mtu mmoja juu ya kasha alilokuwa peke yake nalo haumfai yeye wala haumfai mwenziwe.

Walipohesabu walikuta noti na sarafu za shilingi 214,500. Walikuta hati za malipo kumi, kuanzia Na. 162 hadi Na. 171, ambazo jumla yake ni shilingi 325,500. Na walikuta kikaratasi kimoja chenye sahihi ya dereva wa pili, aliyechukua shilingi 60,000 Ijumaa tarehe 27 kwa safari ya Handeni, naye atarudi jioni ya Jumatatu hiyo. Ukizijumlisha zote tatu unapata 600,000 kamili. Hati za kati, Na. 149 hadi Na. 161, hazimo tena ndani ya kasha kwa sababu zilikwisha kupelekwa kwa mhasibu mkuu tarehe 16 Juni pamoja na zile za bibi za shilingi 112,000, na kasha likajazwa kwa shilingi 471,000. Hapo ndipo bibi anapoweza kuthibitisha kwa kalamu yake: hati za kaimu za kundi la kwanza zilikuwa za shilingi 359,000; toa hizo katika 488,000 alizoziacha, zabaki 129,000; ongeza 471,000 zilizoingia, kasha larudi kuwa 600,000 siku ile ya tarehe 16. Toka hapo zimetoka 325,500 na 60,000, na ndizo 214,500 zilizobaki. Njia mbili, ya kuhesabu kilichomo na ya kufuata kilichopita, zimekutana mahali pamoja.

Kukutana huko hakutoshi, lakini. Jumla inaweza kutimia ilhali ndani yake mna kasoro, kwa kuwa jumla haiulizi hati ni halali au si halali. Huuliza kiasi tu. Mwenye kurejea hutazama kwanza mfululizo wa namba, kama upo bila kuruka, maana namba iliyoruka ni hati iliyopotea au iliyoharibiwa, na iliyoharibiwa yapasa iwepo ikiwa imekatwa mstari. Kisha hutazama tarehe: hati ya malipo ya Jumapili, katika ofisi ambayo Jumapili imefungwa, yataka maelezo. Hutazama mwandiko na wino, kwani hati sita za siku sita mbalimbali zilizoandikwa kwa pumzi moja huonekana, nazo aghalabu ni dalili ya mtu aliyetoa fedha kwanza akaandika mwishoni mwa juma, jambo ambalo si wizi lakini ni mlango wake. Hutazama pia viasi vilivyokaa sawasawa mno, elfu kumi, elfu ishirini, elfu kumi tena, kwa manunuzi ambayo bei yake dukani huwa na mia na hamsini. Wala asifikiri kwamba upungufu peke yake ndio wenye aibu. Ziada nayo ni ugonjwa, huenda ikawa ni hati ya malipo iliyoandikwa na fedha yake haijatolewa, au mtu aliyerudisha chenji na haikuandikwa. Na mtu akiiona ziada ya shilingi elfu nne akaiacha kimya kwa kuwa haimdhuru mtu, ajue kwamba ameanza kuweka ndani ya kasha la ofisi fedha isiyo na jina.

Bibi wetu aliona jambo moja. Hati Na. 166, ya shilingi 18,000, ya fundi aliyetengeneza bomba la choo, ilikuwa na sahihi ya fundi lakini haikuwa na stakabadhi ya aina yoyote. Hakuliandika kwanza. Alimgeukia kijana.

"Ndugu yangu, hii ya fundi stakabadhi yake iko wapi?"

"Dada, yule fundi hana mashine ya risiti. Maji yalikuwa yamefika koridoni, nikamlipa, akatia sahihi. Nilimweleza meneja siku ile ile kwa mdomo."

"Basi tukamwombe meneja aweke sahihi yake hapa pembeni leo."

Mazungumzo haya mafupi yana adabu ambayo naiona kuwa ni nusu ya kazi yote. Kaimu husikia dosari yake kwa mdomo wa mwenziwe, wao wawili, kabla ya kuisoma katika barua iliyokwenda kwa mkuu. Hupata nafasi ya kueleza, na mara nyingi maelezo huondoa dosari yenyewe. Yasipoiondoa, bado itaandikwa, lakini itaandikwa kama jambo lilivyo, hati na kiasi na kilichokosekana, pasipo neno la kulaumu. Nimesoma barua ambazo mwenye kurejea alitumia nusu ukurasa kuonyesha jinsi mambo yalivyoharibika alipokuwa hayupo, naye akidhani anajitukuza. Sijapata kumwona meneja aliyeisoma barua ya namna hiyo akamthamini zaidi mwandishi wake, na kaimu aliyetajwa humo hakukubali tena kukaimu.

Kodi ilikuwa nyepesi. Kodi iliyokatwa katika mishahara ya mwezi hulipwa serikalini kabla ya kupita tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na tarehe 7 Juni mwaka huo ilikuwa Jumamosi, tena katikati ya sikukuu ya Idi. Kijana, kwa busara ambayo yastahili kutajwa, hakungoja mpaka siku ya mwisho. Alilipa Alhamisi tarehe 5, na uthibitisho wa benki ulikuwamo failini. Bibi aliufungua akausoma kwa macho yake, akalinganisha kiasi na orodha ya mishahara ya Mei.

Ya tatu ilikuwa karatasi. Kampuni iliagiza bunda 50 za karatasi za kuandikia kwa muuzaji mmoja. Gari likaleta 40. Kijana alikataa kutia sahihi ya 50 katika hati ya kupokelea, akaandika 40 kwa tarakimu na kwa maneno, akatia sahihi. Siku chache baadaye ankara ikaja ya bunda 50. Kijana alipiga simu, akaambiwa kwamba ankara itasahihishwa na kuletwa upya. Haijaletwa. Malipo hayajafanywa.

Msomaji atazame tofauti iliyopo baina ya mambo haya mawili, kodi na karatasi, kwa kuwa juu yake imejengwa hoja yote ya sura hii. Habari ya kodi bibi ameiona. Habari ya muuzaji ameambiwa. Hati ya kupokelea ya bunda 40 ameiona. Ahadi ya simu hakuisikia yeye, ameisikia kwa kijana, na kijana ameisikia kwa mtu ambaye jina lake hakuliuliza. Barua nyingi za kurejea huyachanganya haya katika sentensi moja laini isemayo kwamba mambo yote yameendelea vizuri na machache yako katika hatua za mwisho, na kwa sentensi hiyo mwandishi huchukua mabegani mwake, pasipo kujua, dhamana ya mambo ambayo hakuyashuhudia. Baada ya wiki sita ankara ya bunda 50 ikilipwa kwa makosa, meneja ataifungua barua na kusoma kuwa mtunza masurufu alithibitisha kwamba jambo limekwisha. Mwandishi mwenye hadhari hutenga: haya nimeyahakiki, haya nimearifiwa, haya yamebaki wazi na tokea leo yako juu yangu, au bado yako juu ya fulani mpaka siku fulani. Hakuna haja ya vichwa vya habari wala majedwali. Vitenzi vyenyewe hutosha, nimehesabu, nimeona, nimearifiwa.

Limebaki suala la shukrani, ambalo watu hulitanguliza nami nimeliweka nyuma kwa makusudi. Likizo ya mwaka ni haki ya mfanyakazi kwa mujibu wa sheria, na kumshukuru meneja kwa kuitoa, kwa maneno ya unyenyekevu kama ya mtu aliyepewa sadaka, ni kumpa sifa isiyo yake na kujishusha pasipo faida. Hata hivyo meneja aliyetenda wema yastahili ashukuriwe, na wema wake haukuwa katika kutimiza sheria bali katika mambo ambayo sheria haikumlazimisha: aliteua kaimu wiki nzima kabla, akawapa wasaa wa kukabidhiana, tena kwa siku zote 28 hakumpigia simu hata mara moja kumuuliza ufunguo uko wapi. Hayo ndiyo ya kushukuru, na yashukuriwe kwa kutajwa. Shukrani iliyotaja tendo humwonyesha mkuu kwamba tendo lile lilionekana na lilifaa, naye akipata kaimu wa mtumishi mwingine mwakani atalikumbuka. Shukrani isiyotaja chochote yaweza kunakiliwa na mtu yeyote kwenda kwa meneja yeyote. Kaimu naye atajwe, kwa cheo au kwa jina, na tendo lake jema kuliko yote. Kwetu hapa ni lile la kukataa kutia sahihi ya bunda 50.

Neno moja la pembeni juu ya likizo ya uzazi, maana wengi watasoma sura hii kwa ajili yake. Sheria ile ile ya mwaka 2004 huweka siku 84 zenye malipo, au siku 100 ikiwa wamezaliwa watoto zaidi ya mmoja, na humpa mama anayenyonyesha ruhusa ya kumnyonyesha mtoto katika saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Mama anayerejea ataje katika barua yake saa alizoomba, si kwa kuomba hisani bali kwa kuafikiana wakati, na ataje nani atashika dirisha kwa saa hizo. Hesabu ya kasha na utengaji wa yaliyoonwa na yaliyosikiwa ni vile vile, isipokuwa miezi takriban mitatu ni mirefu, na kasha litakuwa limejazwa mara nyingi. Ufuatiliaji wa namba za hati utachukua siku nzima badala ya asubuhi moja.

Basi barua ya bibi wetu, ilipoandikwa saa nne, baada ya hesabu na wala si kabla yake, ilikuwa hivi:

Meneja wa Fedha na Utawala,
Tanga.
30 Juni 2025

Ndugu Meneja,

YAH: KURIPOTI KAZINI BAADA YA LIKIZO YA MWAKA

Tafadhali husika na somo hilo hapo juu. Nimeripoti kazini leo Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, baada ya likizo ya siku 28 uliyoiidhinisha, iliyoanza tarehe 2 Juni na kuisha tarehe 29 Juni 2025.

Nakushukuru kwa kuteua kaimu wiki moja kabla ya kuondoka kwangu, jambo lililotuwezesha kukabidhiana kwa utulivu, na kwa kuiacha likizo yangu bila kunirudisha kazini kwa simu. Namshukuru pia mwenzangu aliyenikaimu kwa uangalifu wake, hasa kwa kukataa kutia sahihi ya bunda 50 za karatasi pale zilipoletwa 40.

Leo saa mbili na nusu, kabla ya malipo yoyote, tumehesabu masurufu pamoja naye. Fedha taslimu ni Sh. 214,500, hati za malipo Na. 162 hadi 171 ni Sh. 325,500, fedha iliyotangulizwa kwa dereva wa safari ya Handeni tarehe 27 Juni ni Sh. 60,000, jumla Sh. 600,000. Karatasi ya hesabu yenye sahihi zetu imeambatishwa. Hati Na. 166 ya Sh. 18,000 ina sahihi ya fundi bila stakabadhi. Nimearifiwa kwamba ulijulishwa siku ya malipo, nami naomba sahihi yako juu yake.

Nimeona uthibitisho wa malipo ya kodi ya mishahara ya Mei, iliyolipwa tarehe 5 Juni, na kiasi chake kinalingana na orodha ya mishahara.

Nimeona hati ya kupokelea karatasi, bunda 40, na ankara ya bunda 50. Nimearifiwa kwamba muuzaji ameahidi kwa simu kuleta ankara iliyosahihishwa. Haijaletwa, na naomba malipo yasifanywe mpaka nitakapokuletea.

Fedha ya safari ya Handeni itarejeshewa hesabu na aliyenikaimu, kwa kuwa ndiye aliyeitoa, mara dereva atakapofika. Mengine yote tokea saa tatu asubuhi ya leo yako chini yangu.

Naomba kuwasilisha.

Mtunza Masurufu
Nakala: Faili binafsi, Aliyekaimu

Barua hiyo haijazi ukurasa mmoja wa mashine na nusu, na meneja huimaliza kabla chai haijapoa. Kuna mambo mawili ndani yake ambayo ningependa yasimpite msomaji. La kwanza ni ile saa tatu: malipo yaliyofanywa saa mbili asubuhi, kama yangalikuwapo, yangekuwa ya kaimu, na ya saa tatu na dakika tano ni ya bibi, wala hapana ubishi. La pili ni ile nakala kwa aliyekaimu. Watu wengi hawaipeleki, wakidhani barua ni baina yao na mkuu. Lakini aliyekaimu ana haki ya kujua ni nini kilichosemwa juu ya siku zake, na akiona kosa katika maelezo aseme siku hiyo hiyo, wala si mbele ya mkaguzi. Zaidi ya hayo, nakala ile ndiyo kinga yake yeye. Inaonyesha kwamba amerudisha amana ikiwa kamili.

Ofisi nyingi siku hizi hupeleka barua hii kwa barua pepe, na hapana ubaya, maadamu karatasi ya hesabu yenye sahihi imepigwa picha na kuambatishwa, na ile ya asili imetunzwa. Penye masjala, peleka nakala mbili, na ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Namba za siri za kasha na za mfumo wa hesabu alizozitumia kaimu zibadilishwe siku hiyo hiyo. Jambo hili halihitaji kuandikwa katika barua, na kulifanya si kumshuku mtu, kwa kuwa humwondoa yeye katika orodha ya watu watakaoulizwa endapo jambo litatokea mwezi ujao.

Dereva alirudi kutoka Handeni magharibi ya siku ile, akakuta ofisi imefungwa. Asubuhi ya Jumanne alimletea kijana stakabadhi za shilingi 52,500 na fedha taslimu shilingi 7,500; kijana akaandika hati Na. 172 kwa sahihi yake, akakabidhi chenji, na bibi akaiingiza. Kisha akampelekea meneja mistari miwili kwamba jambo la Handeni limefungwa, na kwamba la karatasi bado liko wazi. Wewe msomaji ukiwa na jambo lililobaki wazi katika barua yako, fanya hivyo hivyo: liandikie mistari miwili siku litakapofungwa, na uiambatishe na ile barua ya kwanza.